Mkopo wa nyumba wa riba isiyobadilika na wa riba inayobadilika

Mkopo wa nyumba ni fedha ambazo benki humkopesha mtu ili anunue, ajenge au amalizie nyumba, huku nyumba hiyo au kiwanja chake kikiwekwa rehani hadi deni liishe. Mkopo wa riba isiyobadilika ni ule ambao kiwango cha riba hupangwa siku ya kusaini mkataba na kubaki hivyo hivyo, hivyo rejesho la kila mwezi ni lile lile tangu mwanzo hadi mwisho. Mkopo wa riba inayobadilika ni ule ambao benki inaweza kupandisha au kushusha kiwango cha riba katika muda wa mkopo kwa kufuata kipimo kilichotajwa katika mkataba.

Mikopo hii miwili hulinganishwa kwa mambo matatu: rejesho la kila mwezi, jumla ya riba itakayolipwa, na uwezo wa kipato cha mkopaji kubeba rejesho hilo. Makala hii inaeleza ulinganisho huo kwa mfano wa mtumishi wa umma anayeishi Dodoma, Tanzania.

## Mikopo ya nyumba Tanzania na Dodoma

Tanzania ilitunga sheria maalumu ya mikopo ya nyumba mwaka 2008. Mwaka 2010 ilianzishwa kampuni ya TMRC, ambayo huyapa mabenki fedha za muda mrefu ili nayo yaweze kukopesha kwa miaka mingi. Hata hivyo riba bado ni kubwa. Katika miaka ya karibuni mikopo ya nyumba nchini imetozwa kwa kawaida riba ya kati ya asilimia 15 na 19 kwa mwaka.

Dodoma ilichaguliwa kuwa makao makuu ya nchi mwaka 1973, lakini wizara nyingi zilibaki Dar es Salaam kwa miongo kadhaa. Mwaka 2016 Rais John Magufuli alitangaza kwamba serikali itahamia Dodoma, na baadaye Mji wa Serikali ukajengwa Mtumba. Watumishi waliohamishwa walihitaji makazi. Wengine walinunua viwanja na kujenga kidogo kidogo kwa akiba, wengine walitafuta nyumba zilizokamilika, kama zile za Shirika la Nyumba la Taifa huko Iyumbu. Anayetaka nyumba iliyokamilika bila kuwa na fedha zote mkononi hukutana na swali la riba.

## Jinsi rejesho linavyokokotolewa

Katika mkopo wa kawaida wa nyumba, riba ya kila mwezi hutozwa juu ya salio la deni lililobaki. Rejesho hupangwa kuwa sawa kila mwezi, na sehemu yake hulipa riba ya mwezi huo, kisha kinachobaki hupunguza deni. Kanuni yake ni hii:

```
R = D × i / (1 − (1 + i)^−n)
```

Hapa R ni rejesho la mwezi, D ni deni, i ni riba ya mwezi mmoja (riba ya mwaka ikigawanywa kwa 12), na n ni idadi ya miezi iliyobaki. Katika programu za majedwali ya kompyuta hesabu hiyo hiyo hufanywa kwa amri moja. Kwa mkopo wa Sh 50,000,000 wa miaka 15 kwa riba ya asilimia 16, amri ni:

```
=PMT(16%/12,180,-50000000)
```

Jibu ni Sh 734,350 kwa mwezi. Katika mwezi wa kwanza riba peke yake ni Sh 666,667, kwa hiyo deni hupungua kwa Sh 67,683 tu. Kadiri salio linavyoshuka, riba hupungua na sehemu inayolipa deni huongezeka. Ndiyo sababu mkopo wa riba kubwa hupungua polepole sana katika miaka ya mwanzo.

## Mfano

Chukua mtumishi wa wizara aliyepo Mtumba ambaye mshahara wake wa msingi ni Sh 2,000,000 kwa mwezi. Anataka kukopa Sh 50,000,000 kwa miaka 15. Katika mfano huu anapewa chaguo mbili: riba isiyobadilika ya asilimia 16, au riba inayobadilika inayoanza na asilimia 14. Viwango hivi viwili ni vya mfano tu, wala si tangazo la benki yoyote.

### Kipato kinaweza kubeba kiasi gani

Kwa mtumishi wa umma Tanzania, makato yote hayatakiwi kumwacha na chini ya theluthi moja ya mshahara wake wa msingi. Watumishi huuita utaratibu huu "kanuni ya theluthi moja". Kwa hiyo kabla ya kuangalia riba ni lazima kujua nafasi iliyobaki katika mshahara.

Kwa viwango vya kodi ya mshahara vilivyoanza Julai 2021, hesabu ni kama ifuatavyo. Mchango wa mfuko wa pensheni wa PSSSF ni asilimia 5, yaani Sh 100,000. Kodi hutozwa juu ya Sh 1,900,000 zinazobaki, nayo ni Sh 398,000. Bima ya afya ya NHIF ni asilimia 3 ya mshahara, yaani Sh 60,000. Mtumishi anabaki na Sh 1,442,000.

Theluthi moja ya mshahara wake wa msingi ni Sh 666,667, na kiasi hiki lazima kibaki. Kwa hiyo rejesho kubwa kabisa linaloweza kukatwa kwenye mshahara ni Sh 1,442,000 kutoa Sh 666,667, ambayo ni Sh 775,333. Hii ndiyo dari ya rejesho lake.

Kwa hesabu hiyo chaguo zote mbili zinaingia siku ya kusaini. Riba ya asilimia 16 inataka Sh 734,350 kwa mwezi. Riba ya asilimia 14 inataka Sh 665,871, yaani nafuu ya Sh 68,479 kila mwezi.

### Miaka miwili ya mwanzo

Kama riba inayobadilika ingebaki asilimia 14 kwa miaka yote 15, mkopaji angelipa riba ya jumla ya takriban Sh milioni 69.9. Riba isiyobadilika ya asilimia 16 ingemgharimu takriban Sh milioni 82.2. Tofauti ni zaidi ya Sh milioni 12, na ndiyo inayovutia watu kwenye riba inayobadilika. Lakini hesabu hiyo inachukulia kwamba riba haitabadilika, wakati mkataba wenyewe unasema inaweza kubadilika.

Baada ya miezi 24 ya kulipa Sh 665,871, mkopaji ametoa karibu Sh milioni 16. Hata hivyo salio la deni bado ni Sh 47,729,156. Deni limepungua kwa Sh milioni 2.3 tu, kwa sababu sehemu kubwa ya fedha alizotoa imekwenda kwenye riba. Mabadiliko yoyote ya riba katika kipindi hiki yanaangukia karibu mkopo mzima.

### Riba ikipanda au kushuka

Tuseme mwishoni mwa mwaka wa pili riba inapanda kutoka asilimia 14 hadi 18 na kubaki hapo. Salio la Sh 47,729,156 linagawanywa upya katika miezi 156 iliyobaki, na rejesho jipya linakuwa Sh 793,736. Kiasi hiki kinazidi dari ya Sh 775,333. Mkopo ulioonekana kuwa wa nafuu umetoka nje ya uwezo wa mshahara, ingawa mshahara haukupungua hata shilingi moja.

Tuseme badala yake riba inashuka hadi asilimia 13 baada ya miaka miwili. Rejesho linakuwa Sh 635,375 na mkopaji anaokoa zaidi. Jedwali lifuatalo linaonyesha hali zote pamoja.

| Hali | Rejesho la mwanzo | Rejesho baada ya miaka 2 | Jumla ya riba kwa miaka 15 |
|---|---|---|---|
| Isiyobadilika, 16% | Sh 734,350 | Sh 734,350 | Sh milioni 82.2 |
| Inayobadilika, inabaki 14% | Sh 665,871 | Sh 665,871 | Sh milioni 69.9 |
| Inayobadilika, inashuka hadi 13% | Sh 665,871 | Sh 635,375 | Sh milioni 65.1 |
| Inayobadilika, inapanda hadi 18% | Sh 665,871 | Sh 793,736 | Sh milioni 89.8 |

### Viwango viwili vya mpaka

Kutokana na hesabu hizi mkopaji anaweza kupata viwango viwili vya riba vinavyofaa kukumbukwa.

Cha kwanza ni mpaka wa gharama. Katika mfano huu, riba ikipanda baada ya miaka miwili na kukaa kwenye takriban asilimia 16.5 hadi mwisho, jumla ya riba inalingana na ile ya mkopo usiobadilika. Ikizidi hapo, riba inayobadilika inakuwa ghali zaidi. Mpaka huu uko juu kidogo ya asilimia 16 kwa sababu mkopaji alifaidi nafuu katika miaka miwili ya kwanza.

Cha pili ni mpaka wa uwezo. Rejesho linagusa dari ya Sh 775,333 riba ikifika takriban asilimia 17.4. Kuvuka mpaka wa kwanza maana yake ni kulipa zaidi kuliko ilivyotarajiwa. Kuvuka mpaka wa pili maana yake ni kwamba mshahara hautoshi, nyumba inaweza kuingia hatarini, na jambo hili haliwezi kurekebishwa na nafuu iliyopatikana mwanzoni. Kwa hiyo katika kulinganisha mikopo miwili, swali la uwezo hutangulia swali la jumla ya riba.

## Kurefusha muda wa mkopo

Riba inapopanda, baadhi ya mikataba huruhusu rejesho libaki vile vile na muda wa mkopo urefushwe. Njia hii husaidia pale riba inapopanda kidogo. Katika mfano wa asilimia 18 haifanyi kazi kabisa: riba ya mwezi mmoja juu ya salio la Sh 47,729,156 ni Sh 715,937, lakini rejesho la zamani ni Sh 665,871. Rejesho halitoshi hata kulipa riba, na deni litakua kwa zaidi ya Sh 50,000 katika mwezi wa kwanza pekee. Dalili yake huonekana kwenye taarifa ya mkopo: mteja analipa kila mwezi bila kukosa, lakini salio linapanda.

Kama mtumishi huyo akilipa kiasi cha dari, yaani Sh 775,333, deni litaisha kwa miezi 173 badala ya 156. Muda unaongezeka kwa miezi 17. Hapa umri ni kikwazo, kwa kuwa umri wa kustaafu kwa lazima kwa mtumishi wa umma kwa kawaida ni miaka 60. Aliyekopa akiwa na miaka 35 anaweza kurefusha bila shida. Aliyekopa akiwa na miaka 45 tayari amefika mwisho, kwa sababu mkopo wake wa miaka 15 unaisha siku anapostaafu.

## Wakati wa kupanda kwa riba

Riba inapopanda mwishoni mwa mkopo madhara yake ni madogo kuliko ikipanda mwanzoni. Katika mfano huu, kama riba ingebaki asilimia 14 kwa miaka 10 na kisha kupanda hadi 18, salio lingekuwa limeshashuka hadi takriban Sh milioni 28.6. Rejesho jipya lingekuwa karibu Sh 726,700, ambalo bado liko chini ya dari. Ongezeko lile lile la asilimia 4 ambalo katika mwaka wa pili lilivunja uwezo wa mkopaji, katika mwaka wa 10 linabebeka.

Mshahara nao huongezeka. Ukipanda kwa asilimia 5 hadi Sh 2,100,000, dari ya rejesho inakuwa Sh 805,500. Ongezeko la mshahara la Sh 100,000 limeongeza nafasi ya Sh 30,167 tu, kwa sababu kodi, pensheni, bima na theluthi inayolindwa vyote vinakua pamoja na mshahara. Hata hivyo dari hiyo mpya ingetosha rejesho la Sh 793,736. Hatari kubwa ya riba inayobadilika, basi, iko katika miaka ya mwanzo, kabla deni halijapungua na kabla mshahara haujapanda.

Kwa upande wa riba isiyobadilika, kupanda kwa mshahara humnufaisha mkopaji moja kwa moja. Rejesho la Sh 734,350 linabaki lile lile wakati mshahara na bei za vitu vinapanda, na uzito wake hupungua mwaka hadi mwaka.

## Athari ya mkopo wa elimu ya juu

Watumishi wengi vijana bado wanalipa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, ambao hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Kwa mshahara wa Sh 2,000,000 makato hayo ni Sh 300,000, na dari ya rejesho la nyumba inashuka kutoka Sh 775,333 hadi Sh 475,333.

Mtumishi mwenye deni hilo hawezi kukopa Sh milioni 50 kwa riba yoyote kati ya hizo mbili. Kwa riba isiyobadilika ya asilimia 16 anaweza kukopa takriban Sh milioni 32.4 kwa miaka 15. Kwa riba inayobadilika ya asilimia 14 hesabu inampa takriban Sh milioni 35.7, lakini akikopa kiasi hicho chote anaanza akiwa amegusa dari, na ongezeko dogo tu la riba linamtoa nje. Akitaka kujikinga na riba ya asilimia 18 tangu mwanzo, asivuke takriban Sh milioni 29.5. Kwa hiyo riba ya kuanzia iliyo ndogo humfanya mkopaji aonekane anaweza kununua nyumba kubwa zaidi, lakini kinga yake inamtaka akope kidogo zaidi.

## Riba hubadilika kwa kiasi gani

Mwezi Januari 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilianza kutumia riba ya sera kuongoza uchumi, ikianza na asilimia 5.5. Iliipandisha hadi 6 mwezi Aprili 2024 na kuishusha hadi 5.75 mwezi Julai 2025. Mabadiliko haya ni madogo, na riba za mikopo ya mabenki ziko juu sana ya kiwango hicho wala hazikifuati hatua kwa hatua.

Nchi jirani zimewahi kupata mabadiliko makubwa. Mwanzoni mwa mwaka 2011 riba ya Benki Kuu ya Kenya ilikuwa asilimia 5.75. Bei za vitu zilipopanda na shilingi ya Kenya kushuka thamani, benki hiyo iliipandisha haraka, na Desemba 2011 ilikuwa asilimia 18. Wastani wa riba za mikopo ya mabenki ulivuka asilimia 20 mwaka uliofuata. Uganda nayo ilipandisha riba yake ya sera kutoka asilimia 13 Julai 2011 hadi 23 Novemba mwaka huo. Ongezeko la asilimia 4 lililotumika katika mfano wa Dodoma, kwa hiyo, si kubwa kupita yale yaliyokwisha kutokea Afrika Mashariki.

## Mambo ya kuangalia katika mkataba

Jina la mkopo peke yake halitoshi kuonyesha aina ya riba. Mikopo mingine huitwa ya riba isiyobadilika lakini riba hiyo hudumu miaka michache ya mwanzo tu, kisha hubadilika. Mingine ina kifungu kinachoiruhusu benki kurekebisha riba "kulingana na hali ya soko". Mkopo wenye kifungu kama hicho ni wa riba inayobadilika, hata kama barua ya benki inataja kiwango kimoja.

Katika mkopo wa riba inayobadilika ni muhimu kujua kipimo kinachofuatwa, mara ngapi riba inaweza kubadilishwa, kama kuna kiwango cha juu kisichoweza kuvukwa, na mteja anapewa taarifa ya siku ngapi. Kenya, kwa mfano, Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inamtaka mkopeshaji atoe taarifa ya maandishi ya angalau siku 30 kabla ya kubadilisha riba. Kama mkataba una kiwango cha juu cha riba, rejesho la kiwango hicho ndilo linalopaswa kulinganishwa na dari ya mshahara.

Katika mkopo wa riba isiyobadilika jambo kuu ni gharama ya kulipa deni kabla ya muda. Riba za soko zikishuka sana, mkopaji hunufaika tu kama anaweza kuufunga mkopo wa zamani kwa mkopo mpya wa bei nafuu. Adhabu ya kulipa mapema, pamoja na gharama za kuandikisha rehani upya, inaweza kumaliza faida yote.

Mwisho, viwango viwili hulinganishwa tu kama vyote vinatozwa juu ya salio linalopungua. Mkopeshaji anayetoza riba juu ya deni la mwanzo kwa miaka yote anaweza kutangaza asilimia 10 tu. Kwa Sh milioni 50 na miaka 15, hiyo ni riba ya Sh milioni 75 na rejesho la Sh 694,444 kwa mwezi, ambalo ni sawa na riba ya karibu asilimia 15 juu ya salio linalopungua.